UZI: Mpango wa ufuatiliaji na tathmini, mradi wa elimu ya kunawa mikono na ORS Temeke. Viashiria 14, sampuli 384. Naomba mpitie kabla sijapeleka kwa mfadhili

Mdau_Temeke (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Nina wiki mbili za kukamilisha mpango wa ufuatiliaji na tathmini wa mradi wa elimu ya afya katika kata nne za Manispaa ya Temeke. Walengwa ni walezi wa watoto chini ya miaka mitano. Mradi ni wa miezi 18 kuanzia Julai hadi Desemba mwakani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii watafundisha vikundi mambo mawili: kunawa mikono kwa sabuni nyakati muhimu, na kumtibu mtoto anayeharisha nyumbani kwa ORS na zinki.

Nimeandika viashiria 14. Vikubwa ni hivi: asilimia ya walezi wanaonawa kwa sabuni, asilimia ya watoto walioharisha waliopewa ORS na zinki, asilimia ya walezi wenye uelewa, idadi ya watu waliofikiwa, na kupungua kwa kuhara kwa watoto. Takwimu za awali nimepanga kuzikusanya Septemba sambamba na kuanza mafunzo ili kuokoa nauli, na za mwisho Novemba mwakani. Sampuli ni kaya 384. Mnaonaje?

---

Kobo_Fundi

384 iko sawa mkuu, usihangaike. Ni hesabu inayojulikana: uhakika wa asilimia 95, kosa la pointi 5, kiwango ukikadirie asilimia 50 kwa kuwa hukijui. Kila andiko utalikuta na namba hiyo. Wewe shughulika na dodoso liingie vizuri kwenye Kobo, vishikwambi viwe na chaji, basi.

---

BintiTakwimu

Mdau, kabla ya sampuli turudi kwenye viashiria vyenyewe, maana sampuli inatokana na viashiria. Ninachokiangalia kwanza ni asili ya kila kiashiria, yaani nani anahesabiwa chini ya mstari.

Chukua hicho cha watoto walioharisha waliopewa ORS na zinki. Chini ya mstari si kaya 384. Ni watoto walioharisha ndani ya wiki mbili kabla ya mdodosaji kufika, kwa sababu ukirudi nyuma zaidi ya hapo mlezi anasahau alichompa mtoto na lini. Tuseme, kwa mfano tu, watoto 12 kati ya 100 wameharisha wiki hizo mbili. Kaya zako 384 zitakupa watoto kama 46. Hata ukiwachukulia kana kwamba umewachota mmoja mmoja kutoka kata zote nne, kosa ni karibu pointi 15 kila upande. Ukipata 50 inaweza kuwa 36, inaweza kuwa 64. Mwaka ujao ukipata 60 utaandika nini kwenye ripoti? Na utakuwa umelipa wadodosaji mara mbili kwa namba isiyosema kitu.

Una njia mbili. Moja ni kuongeza sampuli mara nyingi zaidi, na bajeti yako sidhani kama inaruhusu. Nyingine, ambayo ningeichagua mimi, ni kubadili kiashiria ili kila mlezi aingie chini ya mstari: asilimia ya walezi wanaoweza kuchanganya ORS kwa usahihi wakiombwa waonyeshe. Huyu aliyeuguliwa na yule ambaye hajauguliwa wote wanahesabika. Swali la wiki mbili liache kwenye dodoso kama taarifa ya ziada, lakini usiliwekee lengo.

Hicho cha "kupungua kwa kuhara" kiondoe kabisa kwenye malengo. Kuhara Temeke kunakwenda na mvua, mifereji, vyoo na mgao wa maji. Elimu peke yake kwa miezi 12 ya kazi haiwezi kubebeshwa mzigo huo, na ukiukubali kwenye mkataba utaulizwa.

---

Njozi

Samahani wadau, na mimi natafuta muundo wa andiko la mradi wa afya. Mwenye nao anitumie. Pia naomba kujua mfadhili gani anapokea maandiko mwezi huu.

---

Kobo_Fundi

@Njozi fungua uzi wako mkuu, hapa tunazungumzia mpango wa ufuatiliaji, mradi umeshapata fedha.

@BintiTakwimu kwenye asili nimekuelewa. Ila kwa hicho cha kunawa, ambacho kila kaya inaingia, 384 inatosha. Hapo siondoki.

---

BintiTakwimu

@Kobo_Fundi uko sahihi nusu. 384 inatosha kama unapima mara moja, na kama kila kaya imechotwa peke yake kutoka kwenye orodha ya kaya zote. Mdau hafanyi hata kimojawapo. Anapima mara mbili ili aone tofauti, na atachota kaya kwa makundi kwa sababu hakuna mwenye orodha ya kaya zote za kata nne.

Ukilinganisha tafiti mbili za kaya 384 kila moja, kosa la ile tofauti si 5 tena, ni kama 7. Ukiongeza athari ya kuchota kwa makundi, tuseme inayodai sampuli mara mbili, linafika 10. Kwa hiyo mabadiliko ya chini ya pointi 10 huwezi kuyasemea.

Hesabu inayofaa ni ya kutambua tofauti. Tuseme sasa hivi kaya 30 kati ya 100 zina mahali pa kunawia penye maji na sabuni, na lengo ni 45:

```
n = D × [1.96√(2P(1−P)) + 0.84√(P1(1−P1) + P2(1−P2))]² / (P2−P1)²

P1 = 0.30   P2 = 0.45   P = 0.375   D = 2
n = 2 × 162.2 = 324
324 / 0.9 = 360   (ukitarajia kaya 10 kati ya 100 kukosekana)
```

Imetoka 360, karibu na 384 yako, na ndiyo maana watu hudhani mambo yako sawa. Badilisha lengo liwe kutoka 30 hadi 38 uone: utahitaji zaidi ya mara tatu ya hiyo. Kwa hiyo mdau, kaa na timu yako mkubaliane kwanza ni mabadiliko ya ukubwa gani mnayaona yanawezekana. Kisha pigeni hesabu.

Sasa hiyo D, yaani athari ya kuchota kwa makundi, ndiyo penye hatari. Kaya za eneo moja zinafanana. Maji ya DAWASA yakikatika mtaa huu, yamekatika kwa wote. Ukichukua maeneo 30 na kaya 12 kila moja, D inakaa karibu na 2. Ukichukua maeneo 10 na kaya 36 kila moja ili kuokoa nauli, D inapanda kupita 4, hata kama kufanana kwa kaya ni kule kule. Kaya 360 zile zile zitakuwa na uzito wa kaya 87 tu, badala ya 180. Nauli umeokoa, taarifa umeipoteza.

---

Mdau_Temeke

Nashukuru sana @BintiTakwimu. Ila kata zetu nne kwa jumla zina mitaa 22. Maeneo 30 nitayatoa wapi?

---

BintiTakwimu

Si lazima eneo liwe mtaa mzima. Mtaa wa Dar unaweza kuwa na maelfu ya watu. Chukua idadi ya watu ya kila mtaa kutokana na Sensa ya 2022, halafu gawanya nafasi 30 kwa uwiano wa idadi hiyo: mtaa mkubwa utapata nafasi mbili au tatu, mdogo moja au hata usipate. Mtaa uliopata nafasi ukae na mtendaji wa mtaa, mchore ramani ya mkono mkiugawa vipande vya kaya kama 100 kwa kufuata barabara, mifereji na njia zinazojulikana, kisha mpige kura kipande kipi kiingie. Ndani ya kipande orodhesheni kaya zote zenye mtoto chini ya miaka mitano, halafu mpige kura kupata 12. Kazi ya kuorodhesha inakula siku moja kwa kila kipande kwa watu wawili. Iweke kwenye bajeti mapema, kwa sababu ndiyo inayokatwa kwanza fedha zikipungua, na matokeo yake mdodosaji anaanza kuchagua mwenyewe nyumba zilizo karibu na barabara.

---

Mzoefu_wa_Kata

Nimefuatilia. Nina machache ya uwandani, maana hesabu ikiwa safi na uwanja ukivurugika ni kazi bure.

La kwanza ni majira. Takwimu za awali Septemba ni kiangazi, za mwisho Novemba ni vuli. Mvua ikinyesha watu wanakinga maji, ndoo zimejaa, kiashiria cha kunawa kinapanda chenyewe. Kuhara nako kunabadilika. Chukueni mwezi ule ule. Na Septemba mmesema mafunzo yanaanza, sasa mtapimaje hali ya kabla wakati wahudumu wameshaanza kupita na mabango? Fanyeni Agosti, kabla hata ya utambulisho mitaani, na ya mwisho Agosti mwakani. Inabaki miezi minne ya kuchambua na kurudisha majibu kwa wananchi, na kwa uzoefu miezi hiyo itahitajika.

La pili ni nyumba za wapangaji. Ukifika uwanja mmoja Mbagala au Tandika unakuta vyumba nane, familia sita, choo kimoja, bomba moja au simtanki moja. Wadodosaji wasipoelekezwa, mmoja ataandika uwanja mzima kama kaya moja, mwingine ataandika sita. Kaya ni wale wanaokula chungu kimoja, iandikeni hivyo kwenye mwongozo. Mahali pa kunawia pakiwa pa pamoja, andika kwamba ni pa pamoja, na bado uangalie sabuni ya kaya hiyo unayoihoji iko wapi. Wengi huweka sabuni chumbani kwa sababu ikibaki uani inaisha siku hiyo hiyo. Hapo amueni kabla: sabuni iliyo chumbani inahesabika au haihesabiki? Mimi nasema haihesabiki isipokuwa iko pale anaponawia.

La tatu, usimuulize mtu kama ananawa kwa sabuni. Atasema ndiyo. Mwambie, "Naomba unionyeshe mahali ambapo watu wa kaya hii hunawia mikono mara nyingi." Ukifika pale, angalia mambo matatu na uyaandike kabla ya kusema neno lingine: pana chombo au bomba, maji yapo wakati huo, sabuni ipo. Akikimbilia ndani kuleta sabuni, umeshaandika hapana, na ibaki hapana. Ndoo tupu ni hapana vilevile, hata kama mgao ni wa jana tu. Andika pembeni kama maji yalikuwa yamekatika siku hiyo eneo zima, itakusaidia kueleza namba baadaye.

La nne, na hili linaumiza sana: msigawe sabuni kama shukrani ya kuhojiwa. Nimeona miradi ikifanya hivyo. Unaingia na sabuni mkononi kupima kama kaya ina sabuni!

---

Mdau_Temeke

Duh, sabuni ilikuwa kwenye bajeti. Niliweka kipande kimoja kwa kila kaya.

---

Nesi_Azimio

Mpe hata kilo ya sukari au daftari la mtoto, au usimpe kitu, mradi mahojiano yasizidi nusu saa. Mimi binafsi naona mama aliyeacha biashara yake akakaa na wewe dakika 30 anastahili kitu.

Kwenye swali la kuhara, ongezeni jambo moja. Ukimuuliza mama "mtoto aliharisha?", wengi wanajibu hapana, ukidadisi unaambiwa "ah, hiyo ni ya meno tu". Kuhara kwa kuota meno kwao si ugonjwa. Uliza kama mtoto alipata choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya siku moja, kwa sababu yoyote, ikiwemo meno. Namba itabadilika sana. Muhimu zaidi, mkiuliza kwa maneno tofauti mwanzo na mwisho, mtaona mabadiliko ambayo hayapo.

Kuhusu kuonyesha kuchanganya ORS nimependa. Ila mwacheni atumie chombo chake mwenyewe, msimpelekee jagi lenye alama. Mpeni pakiti halisi ya gramu 20.5, ile ya lita moja, na mseme "tengeneza kama mtoto angekuwa anaharisha sasa". Mtaona makosa matatu. Wapo wanaomimina nusu pakiti kwenye kikombe. Wapo wanaomimina pakiti nzima kwenye chupa ya maji ya nusu lita, na hiyo ni hatari, chumvi inakuwa nyingi mno kwa mtoto. Wapo wanaojaza chupa ya lita moja na nusu. Anayepima kwa chupa mbili za nusu lita amepata, asikoseshwe kwa sababu hakutumia jagi. Kisha ulizeni atayatunza kwa muda gani. Jibu ni saa 24, baada ya hapo yanamwagwa. Amefaulu akipata yote matatu: pakiti nzima, lita moja ya maji salama, saa 24. Akikosa moja, hajafaulu.

Zinki mnaweza kuuliza kwa mdomo: kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, au nusu kwa mtoto chini ya miezi sita, siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Wengi wanaacha siku ya tatu mtoto akipata nafuu, kwa hiyo swali lenu liguse hapo kwenye siku, siyo "unajua zinki?"

---

Mwalimu_Ubungo

Sisi tunafundisha usafi shuleni, darasa la tano na la sita, na tunatumia jaribio la maswali 10 kabla na baada ya somo. Alama zinapanda kutoka 4 hadi 8 kila mara. Kwa nini msifanye hivyo? Ni rahisi na hakuna haja ya kaya wala mitaa.

---

BintiTakwimu

Mwalimu, hilo ni zuri kupima kama somo limeeleweka siku hiyo, na mdau anaweza kulitumia kwenye vikundi kama taarifa ya kila robo mwaka. Lakini uelewa hupanda karibu kila mara baada ya kufundishwa. Hauelezi kama nyumbani sabuni ipo. Halafu unawapima wale waliokuja tu. Mradi unadai kubadilisha kata nne, kwa hiyo lazima upime na wale ambao hawakuja.

Jambo moja kwenu pia: kama maswali ni yale yale 10 kabla na baada, na muda kati yake ni saa moja, sehemu ya hizo alama ni kukumbuka maswali. Rudieni baada ya wiki sita muone zinabaki ngapi.

---

Kobo_Fundi

Haya, kwenye 384 nimekubali. Nichangie ninachokijua vizuri, yaani fomu.

Weka umri wa mtoto kwa miezi, usiweke kwa miaka, na zuia namba zisizowezekana. Kwenye XLSForm:

```
type: integer
name: umri_miezi
constraint: . >= 0 and . <= 59
constraint_message: Mtoto lazima awe chini ya miezi 60
```

Sehemu ya kuangalia mahali pa kunawia iwe na ukurasa wake, na majibu ya maji na sabuni yawe ya lazima. Weka na chaguo la "hakuruhusu kuona", usilichanganye na "hakuna". Kaya iliyokataa kuonyesha haitakiwi kuingia chini ya mstari kama vile haina sabuni, na mkizipata nyingi kwa mdodosaji mmoja, tatizo ni mdodosaji.

Kila jioni pakueni data mwangalie mambo mawili: muda wa kila hojaji na mdodosaji gani anapata majibu yanayofanana mno. Hojaji ya dakika 25 ikimalizika kwa dakika 7, rudini kwenye kaya hiyo kesho yake. Msimamizi arudie kaya moja kati ya kila 12, maswali matano tu, alinganishe.

---

Mzoefu_wa_Kata

Niongezee hapo kwenye kurudi. Wadodosaji wanapenda kupita saa nne hadi saa nane mchana. Saa hizo walezi wanaouza sokoni au wanaofanya kazi viwandani hawapo, wanabaki walio nyumbani, na hao ndio pia wanaohudhuria vikundi vyenu. Kaya ikikosekana irudiwe hadi mara tatu, mara moja jioni na mara moja Jumamosi. Kumchukua jirani badala yake kukatazwe kwa maandishi.

Vibali: anzeni sasa. Barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa, ipite kwa Mganga Mkuu wa Manispaa, ishuke kwa watendaji wa kata na wa mitaa. Kama mna nia ya kuchapisha matokeo, ombeni kibali cha maadili NIMR kabla ya kukusanya, maana hakitolewi kwa kurudi nyuma. Na majina na namba za simu za walezi mzitenge na majibu yao, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

---

Mdau_Temeke

Asanteni sana wote. Nauliza kuhusu ripoti sasa. Mfadhili anataka robo mwaka "idadi ya watu waliofikiwa". Wahudumu wetu 12 wataleta orodha za mahudhurio kila mwezi. Najumlisha tu?

---

Nesi_Azimio

Usijumlishe! Chukua kikundi kimoja cha walezi 30 wenye vipindi 8. Orodha zikijumlishwa zinaleta 240. Watu ni 30, na pengine waliomaliza vipindi vyote ni 17. Hizo ni namba tatu tofauti, na ya tatu ndiyo yenye maana zaidi kwa elimu. Mpe kila mlezi namba yake siku ya kwanza, kwa mfano kifupi cha mtaa, namba ya kikundi, namba ya mtu, na daftari liwe moja kwa kikundi: majina kushuka chini, vipindi kwenda kulia, alama ya vema kwa aliyekuja. Mhudumu anatoa namba zote tatu kwa kuangalia ukurasa mmoja. Karatasi mpya kila kipindi ndiyo inayozaa kuhesabu mara mbili.

---

BintiTakwimu

Hapo hapo. Kila mwezi ripoti iseme kwanza wahudumu wangapi kati ya 12 wameleta. Mwezi wa wahudumu 9 ukiulinganisha na mwezi wa 12 utadhani watu wamepungua, kumbe karatasi tatu ziko Charambe kwenye begi la mtu.

Kila robo mwaka chagua wahudumu watatu kwa kura, nenda na daftari lao, hesabu upya. Ripoti ikisema 248 na daftari likaonyesha 212, gawanya 212 kwa 248, unapata 0.85. Ikiwa kati ya 0.90 na 1.10 endelea. Ikiwa nje, tafuta chanzo kabla ya kuituma. Mara nyingi chanzo ni cha kawaida: mhudumu amehesabu na watoto waliobebwa, au amejumlisha mwezi uliopita.

Kwenye ripoti yenyewe usiandike asilimia peke yake. "Asilimia 57 wamemaliza vipindi" iandikwe "205 kati ya 360". Anayesoma ataona ukubwa wake.

---

Mdau_Temeke

Na takwimu za zahanati? Nilitaka kuchukua wagonjwa wa kuhara kutoka DHIS2 kupitia manispaa.

---

Nesi_Azimio

Chukua, ila uzisome kwa tahadhari. Zinatoka MTUHA, na zinahesabu waliokuja kituoni. Mkifundisha vizuri kwamba mtoto mwenye dalili za hatari aletwe haraka, wagonjwa wanaweza kuongezeka. Mkifundisha vizuri kwamba kuhara kwa kawaida kunatibiwa nyumbani kwa ORS, wanaweza kupungua. Zote mbili ni mafanikio yenu. Halafu wengi wanakwenda duka la dawa moja kwa moja na hawaingii kitabu chochote. Tumia kama picha ya mazingira: kama kumekuwa na mlipuko, au ORS ilikosekana kituoni miezi miwili, utaielezea ripoti yako kwa hiyo.

---

Kobo_Fundi

Swali kwa wataalamu: bila kata ya kulinganisha, tutajuaje kwamba mabadiliko yametoka kwa mradi? Serikali nayo ina kampeni zake za kipindupindu, redio zinatangaza. Mimi naona achukue kata mbili za jirani zisizo na mradi.

---

Mzoefu_wa_Kata

Siafiki. Jirani wa Temeke wanakutana kliniki moja, soko moja, daladala moja. Elimu itavuka. Na uende kumhoji mtu mara mbili bila kumfundisha chochote kuhusu mtoto wake kuharisha, mimi hilo linanikera. Fedha hiyo iongeze vipindi.

---

BintiTakwimu

Mimi niko katikati. Bila kata ya kulinganisha, mdau aandike "mabadiliko katika kata za mradi", asiandike "mradi umeleta". Njia ya bei nafuu ni kuuliza kila mlezi kwenye utafiti wa mwisho alihudhuria vipindi vingapi na alisikia wapi pengine kuhusu kunawa. Ukikuta waliomaliza vipindi wako 55 na wasiohudhuria wako 33, unapata dalili. Ni dalili tu, kwa sababu wanaohudhuria ni wenye bidii toka mwanzo. Kata za kulinganisha zingekuwa bora, lakini zinaongeza gharama ya utafiti kwa karibu nusu, na hoja ya @Mzoefu_wa_Kata ya elimu kuvuka ni ya kweli.

---

Kobo_Fundi

Basi wachukue kata za mbali, Kigamboni huko.

---

Mzoefu_wa_Kata

Kigamboni maji yake na makazi yake si ya Tandika, unalinganisha vitu viwili tofauti.

---

Mdau_Temeke

Nimeandika upya, viashiria vimebaki saba. Vya utafiti wa kaya, Agosti na Agosti: (1) kaya zenye mahali pa kunawia penye maji na sabuni, kwa kuangalia, (2) walezi wanaochanganya ORS kwa usahihi, kwa kuonyesha, (3) walezi wanaotaja siku za zinki sawasawa. Vya kila mwezi: (4) walezi walioandikishwa, (5) waliomaliza vipindi 8, (6) wahudumu walioleta ripoti kwa wakati. Na kila robo mwaka: (7) uwiano wa uhakiki wa daftari. Lengo la namba moja sijaliandika, nasubiri takwimu za awali zitoke ndipo tukubaliane na mfadhili. Kata za kulinganisha nitamwekea mfadhili mezani aamue na gharama yake.

Swali la mwisho: kaya ikiwa na watoto wawili chini ya miaka mitano, na kila mmoja ana mlezi wake, mfano mama na bibi, nahoji nani?

---

BintiTakwimu

Kiashiria cha kwanza ni cha kaya, hakina shida. Kwa cha pili na cha tatu, orodhesha walezi wote wa kaya hiyo na upige kura mmoja, fomu ya Kobo inaweza kukuchagulia. Usimwachie mdodosaji, atamchukua mama kila mara kwa sababu ndiye anayejibu haraka, na bibi ndiye anayeshinda na mtoto. Rekodi walezi walikuwa wangapi, utaihitaji wakati wa kuyapa majibu uzito kwenye uchambuzi.

Lengo la namba moja liandike kama pengo, mfano "takwimu za awali kuongezeka kwa pointi 15", siyo "kufikia 45". Ukikuta Agosti wako 41, lengo la 45 halitakuwa na maana, na sampuli yako haiwezi kuiona tofauti ya pointi 4.

---

Nesi_Azimio

Na mkipiga kura ikamwangukia bibi, mpeni muda. Wengi wana njia yao ya maji ya chumvi na sukari. Andikeni alichofanya kama kilivyo, msimsahihishe hadi mahojiano yaishe, ndipo mmwonyeshe ya pakiti.

---

Mdau_Temeke

Sawa nesi, naliingiza hilo kwenye mwongozo wa wadodosaji. Kumwonyesha baada ya mahojiano hakuwezi kuvuruga utafiti wa Agosti mwakani?

---

BintiTakwimu

Kaya 360 kati ya maelfu, na mwakani unachota upya vipande na kaya nyingine. Mwonyesheni.